"Kazi ya ziada italipiwa" haitakuokoa

Swali: Mimi ni kontrakta mdogo hapa Kisauni. Nimepata kazi ya kukarabati mabafu sita ya nyumba ya wageni Shanzu: vigae, vyoo, sinki na shawa za umeme. Kazi iliyopita mteja alinimaliza kwa "hapa kidogo tu, fundi". Safari hii nimeandika mwisho wa kwotesheni: "Kazi yoyote isiyotajwa hapa italipiwa zaidi." Je, yatosha? Rafiki yangu asema niorodheshe yasiyohusika, vikwazo na dhana, lakini naogopa mteja ataniona mtu wa visingizio. Na hivyo vikwazo na dhana si kitu kimoja?

Jibu: Haitoshi, ndugu yangu. Sentensi hiyo naikuta karibu katika kila kwotesheni ninayoletewa kukagua, na bado sijaona ikimwokoa mtu. Kosa lake liko kwenye neno "isiyotajwa". Umeandika utaweka shawa sita za umeme. Waya wa kutoka kwenye bodi ya stima hadi bafuni umetajwa? Wewe utasema la. Mwenye nyumba atasema shawa isiyowaka si shawa, basi waya umo ndani ya neno "kuweka". Nyote wawili mna haki ya kusema hivyo, na ugomvi utaisha kwa aliye na vifaa mkononi kufanya kazi ya bure.

Kazi huvimba kwenye viungo, pale sehemu yako inapogusana na kitu ambacho hukukusudia kukigusa. Kwa hiyo yasiyohusika hayatafutwi mezani. Rudi Shanzu na daftari, ufuate maji kwa miguu: kutoka tangi la juu, ushuke na paipu ukutani, upite shawa, hadi shimo la maji machafu. Kisha ufuate stima kutoka mita hadi bafuni. Mwisho ufuate kifusi: vigae vya zamani vikishang'olewa vinakwenda wapi, na nani analipa lori? Kila unapofika mahali ambapo kazi yako inakoma, simama uandike nani anaendelea kuanzia hapo.

Chukua hiyo stima. Shawa ya kilowati 5.5 kwenye volti 240 hula karibu ampea 23. Ukikuta bafu la zamani lina waya wa milimita mraba 1.5 uliowekwa kwa ajili ya taa, hautaubeba mzigo huo. Utapata moto, na jina lako ndilo litakalotajwa. Kwa hiyo usiandike tu "kazi ya umeme haihusiki", kwa sababu hayo ni maneno ya kukimbia, na hapo mteja wako atakuwa sawa kukushuku. Andika hivi: "Waya mpya wa kutoka bodi ya stima hadi kila bafu haumo katika bei hii. Mwenye nyumba ataleta fundi mwenye leseni ya EPRA, na waya uwe umeshapita ukutani kabla hatujabandika vigae vya bafu husika. Akitaka sisi tumlete fundi huyo, bei yake ni hii." Umeona? Kitu kimetajwa kwa jina, mwenye kukifanya yupo, wakati wake upo, na mlango wa kukinunua kwako upo wazi. Mteja aliyesoma maneno hayo hajakimbiwa. Wengi humwambia fundi palepale, "Basi na hiyo pia niwekee," na inaingia kwenye bei kabla ya siku ya kwanza.

Ukimaliza kutembea utakuwa na mambo matano au sita ya namna hiyo: waya, tangi na stendi yake, shimo la maji machafu, rangi ya vyumba vya kulala, labda milango. Yakifika thelathini, jikague. Wapo makontrakta wanaotaja bei ya chini ili wapate kazi, wakatupia kila kitu kwenye yasiyohusika, kisha wakakirudisha kidogo kidogo kama ziada. Huo ni wizi wenye karatasi, na ndio uliowafanya wateja wa Pwani waogope ukurasa wa pili wa kwotesheni, wenye orodha hizi.

Sasa swali lako la vikwazo na dhana, maana hapa ndipo watu wananitoa jasho. Kikwazo ni jambo unalolijua tayari, halisogei, nawe inabidi upange kazi kulizunguka. Dhana ni jambo ambalo hujalihakikisha, umelichukulia kuwa kweli ili uweze kutaja bei. Jiulize: hili laweza kugeuka uongo kesho? Kama laweza, ni dhana. Kuwa nyumba ya wageni haitafungwa na utapewa mabafu mawili tu kwa wakati mmoja ni kikwazo. Kuwa paipu zilizo ndani ya ukuta ni nzima ni dhana, hata mwenye nyumba akiapa.

Kikwazo ukikiandika bila hesabu hakina kazi. Tuseme kila jozi ya mabafu yakuchukua siku tisa za kazi, ikiwemo saa 24 za kujaza maji sakafuni kuona kama panavuja kabla ya vigae. Jozi tatu ni siku 27. Ukianza Jumatatu tarehe 10 Novemba, ukifanya kazi siku sita kwa wiki, utamaliza Jumatano tarehe 10 Disemba. Wageni wa likizo wanaingia Jumatatu tarehe 15. Tarehe 12 ni Jamhuri, na Jumapili hufanyi kazi. Kwa hiyo akiba yako yote ni Alhamisi na Jumamosi. Siku mbili. Ziandike hivyohivyo, siku mbili, mteja azione na macho yake. Akichelewa siku tatu kukufungulia jozi ya pili kwa sababu mgeni hajatoka, ataelewa kwamba ameshapita akiba yenu.

Kisha njoo kwenye dhana, na tafadhali usinunue zile karatasi zinazozungushwa WhatsApp kwa shilingi mia tano, "fomu kamili ya mkataba". Nimezisoma. Zina mistari kama "tumechukulia kuwa hali ya hewa itakuwa nzuri" na "tumechukulia kuwa mteja atatoa ushirikiano". Mvua yahusu nini bafu lililo ndani ya nyumba? Na ushirikiano unapimwa kwa kilo? Aliyeandika hajawahi kuingia bafuni kwako. Mstari wa namna hiyo ukija kuwa uongo, hakuna anayejua kinachofuata, kwa hiyo ni kama haukuandikwa.

Dhana yenye maana inasema umechukulia nini, nani atahakikisha na lini, na ikiwa si kweli ni shilingi ngapi na siku ngapi. Kwako iliyo kubwa ni paipu. Nyumba nyingi za pwani ya kaskazini zilitiwa paipu za chuma, na maji ya visima huku yana chumvi. Paipu kama hiyo huoza kwa ndani: ukiitazama kwa nje ni nzima, ukiikata unakuta kutu imeijaza, pamebaki tundu la penseli. Andika: "Tumechukulia kuwa paipu za ndani ya ukuta ni nzima. Siku ya kwanza tutatoboa ukuta wa bafu moja na kukata kipande, mwenye nyumba akiwepo. Zikiwa zimeoza, tutaweka paipu mpya za plastiki kwa shilingi 1,300 kwa mita, pamoja na kuchimba na kuziba ukuta, na kila jozi itaongezeka siku moja."

Hebu ifanyie hesabu. Mita tisa kwa bafu, mabafu sita, ni mita 54, yaani shilingi 70,200. Pesa hizo mtazungumza. Lakini siku? Jozi tatu, siku moja kila moja, ni siku tatu, na akiba yenu ni mbili. Dhana moja ikianguka, kikwazo chako cha tarehe 15 kimevunjika hata kama mteja amelipa kila senti. Watu huandika vikwazo upande huu na dhana upande ule, wala hawazikutanishi. Zikutanishe. Ile isiyotoshea ndani ya akiba usiiache iwe dhana: nenda kaikate hiyo paipu kabla ya kutia sahihi, ulipie mwenyewe kigae kimoja na plasta kidogo.

Fanya vivyo hivyo kwa maji yenyewe. Shawa za umeme ziko za maji matamu ya mfereji na za maji ya chumvi, na ile ya kawaida haidumu kwenye maji ya kisima. Kama mteja ndiye anayenunua shawa, mwandikie ni za aina gani umezichukulia. Akileta nyingine ni hiari yake, lakini dhamana yako haitazihusu.

Nami sisemi haya kwa sababu sikuumia. Miaka ya nyuma nilimkadiria mtu kazi ya plasta ya nyumba ya Mji wa Kale, kuta za matumbawe na chokaa. Nilichukulia kimoyomoyo kuwa ukuta ni mkavu. Unyevu ulikuwa unapanda kutoka chini, chumvi ikaisukuma plasta ya saruji ikamenyeka kama ngozi ya kenge. Tulirudia mara mbili kwa gharama yetu, kwa sababu karatasini palikuwa na "kupiga plasta kuta zote" na hapakuwa na neno "unyevu". Mteja hakutudhulumu. Sisi ndio tulionyamaza.

Bandu bandu huisha gogo, na gogo ni faida yako: rafu ndogo ukutani, bomba la bustani kwa sababu "mko hapa hapa", kioo kikubwa zaidi. Hata ukiwa umeandika vizuri, maombi haya yatakuja, na mengi yatakuja kwa mdomo kupitia msimamizi wa nyumba ambaye hana pesa wala sahihi. Kwa hiyo katika ukurasa huohuo taja mtu mmoja anayeweza kuidhinisha nyongeza, na useme nyongeza haianzi mpaka bei na siku zake zimeandikwa naye amekubali. Ujumbe wa simu kutoka kwake unafaa, mradi una kiasi na siku. "Sawa fundi, endelea" hauna.

Ukisha kuandika kwotesheni, usiitume tu. Msomee mwenye nyumba mkiwa mmesimama ndani ya bafu, umwonyeshe kwa kidole kila kiungo. Ukifika kwenye paipu, mtolee kile kipande ulichokikata.