Kaniweka mdhamini kwenye sivii, na kazi ilimshinda

"Shikamoo shangazi. Kuna kijana nilikuwa meneja wake, ripoti ya mwezi inatakiwa tarehe 5 yeye analeta tarehe 10 na hesabu hazilingani, ila wateja walimpenda sana. Tukaachana. Sasa kampuni nyingine imeniandikia niwaelezee kuhusu yeye, anaomba kazi ya kuhudumia wateja. Nikisema ukweli namkatia riziki, nikimsifia nadanganya. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Usijibu kwanza, waulize watu wa utumishi hapo kwenu wanaruhusu nini, maana ofisi nyingi siku hizi zinatoa cheo na tarehe za kuanza na kuacha tu, basi. Kama ndo utaratibu wenu umepona, ila uufuate kwa wote, sio huyu unampa mistari miwili halafu kipenzi chako unamwandikia kurasa mbili.

Kama unaruhusiwa, mpigie kijana mwenyewe umwambie wazi, wakiniuliza ripoti nitasema zilichelewa, bado unataka niongee? Akitafuta mtu mwingine hakuna aliyeumia. Akisema endelea, andika.

Andika yale ambayo yapo kwenye faili na ambayo yeye mwenyewe aliwahi kuambiwa. "Mvivu" ni maoni yako hayo, achana nayo, lakini "ripoti za mwezi zilichelewa mara kwa mara na tukamwandikia onyo" hiyo inathibitika, kama onyo lipo kweli. Kama hukuwahi kumkalisha ukamwambia kuhusu zile hesabu, sio haki alisikie kwa mara ya kwanza akiwa mlango wa kazi mpya.

Halafu angalia kazi anayoomba, hapa ndo wengi wanakosea kwa kweli. Kule ni wateja, kwa hiyo wateja ndo waanze: walimuulizia kwa jina, lalamiko akalituliza bila kukuita, toa tukio moja unalolikumbuka vizuri. Baada ya hapo zile ripoti, sentensi moja, kwamba kazi yenye makaratasi ya tarehe maalum atahitaji usimamizi wa karibu. Usizifiche kabisa, maana wakimpa kazi hiyo kwa maneno yako ikaharibika watakurudia wewe, na pengine mwanasheria yupo pembeni.

Wakipiga simu swali litakuwa lile lile, ungemwajiri tena? Jibu kwa nafasi: kazi ile hapana, kazi ya wateja ndiyo, kama kweli ndivyo unavyoona. Wakinyamaza hivi kukusubiria uongezeongeze, nawe nyamaza, hapo ndo watu huanza kutoa habari za ugonjwa wake, ndoa yake, mara sijui mama yake, mambo ambayo hayawahusu. Ulichoandika ndo hicho hicho useme kwenye simu, na nakala uiweke kwenye faili lake.