Kwa mliojiunga na karakana mwaka huu: someni sanduku kabla ya kulishika

Juzi nimekuta kijana wetu mmoja ameandika kwenye kadi ya kazi "mwaka 1950 hivi", kwa sababu tu sanduku lina lebo ya E.A.R.&H. ubavuni. Mkononi ana kitambaa kilicholowa, anataka kulifuta. Nilimdaka mkono kabla hakijagusa ngozi. Makosa yote mawili nimeyafanya mimi, na la pili bado linaniuma, kwa hiyo nayaandika.

1. Lebo inataja safari, haitaji kuzaliwa. Reli na bandari za Afrika Mashariki ziliunganishwa chini ya jina hilo mwaka 1948, zikatenganishwa 1969. Lebo inakwambia sanduku lilipakiwa ndani ya miaka hiyo, basi. Kabla ya hapo huenda lilikaa darini miaka hamsini.

Tulilifungua pamoja. Kitasa kina taji na herufi VR, za Malkia Victoria aliyetawala 1837 hadi 1901. Lakini bawaba zimefungwa kwa skrubu za nyota, na hizo zilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1930. Kijana akaniangalia kama nimemtega. Nikamwonyesha bitana. Karatasi ya juu, yenye maua ya bluu, imekatwa kufuata ukingo wa bawaba. Chini yake kuna karatasi ya mistari inayopita nyuma ya bawaba bila kukatwa, na pale maua yalipobanduka unaona juu ya mistari kivuli cha kutu cha bawaba nyingine, pana zaidi. Basi mpangilio ni huo: mistari ni ya asili, bawaba pana ikatoka, ya nyota ikaingia, ndipo maua yakabandikwa. Kwenye kadi tuliandika "mwisho wa enzi ya Victoria au punde baadaye, bawaba na karatasi ya juu baada ya 1935". Punde baadaye, kwa kuwa kitasa huweza kukaa stoo ya fundi kabla ya kutumika.

Kwa hiyo msing'oe karatasi "mbaya" ili kupata nzuri. Inueni kona iliyokwisha kubanduka, tazameni, rudisheni.

2. Kidole kikavu kwanza. Sugua mahali pa siri, chini ya mkanda. Kidole kikitoka na unga wa rangi ya matofali, ngozi imeoza: asidi imekata nyuzi zake, hasa zile ngozi za zamani zilizotengenezwa kwa magome na kukaa kwenye hewa ya moshi wa makaa. Ngozi hiyo na maji havipatani.

Mimi niliijua hiyo kwa kumuumiza mtu. Mwaka wangu wa nne kazini, bi mmoja mtu mzima aliniletea sanduku la marehemu baba yake. Mfuniko ulikuwa na vumbi jekundu, nikaona ni uchafu tu. Nikafuta kwa maji na sabuni, mfuniko mzima, kwa mikono yangu miwili. Ukawa mweusi palepale. Nikajipa moyo kwamba utakauka na kurudi. Ulipoanza kukakamaa nikapaka mafuta ili ulainike, nikapaka tena. Asubuhi ngozi ilikuwa ngumu kama gamba, imepasuka kwenye pembe zote nne, na herufi za jina la baba yake zilizogandamizwa katikati hazisomeki tena. Bi alikuja Alhamisi. Alipitisha kiganja pale zilipokuwa herufi, akarudia, kisha akasema, "Mwanangu, ungenirudishia na vumbi lake." Sikumtoza kitu, lakini hakuja kwa ajili ya pesa.

Dawa ya kutuliza unga ni haidroksipropili selulosi iliyoyeyushwa katika alkoholi, kwa brashi laini, tabaka jembamba, baada ya kujaribu mahali pa siri. Hushikamanisha nyuzi tu. Haiondoi asidi wala hairudishi nguvu.

3. Ukarabati ufuate nguvu iliyobaki. Mteja wa sanduku lile lenye lebo anataka mshikio mpya alibebe. Mshikio naweza kuushona leo, lakini uzito utahamia kwenye ngozi ya ubavuni, na ubavu unatoa unga. Ukinyanyua, mshikio mpya utabaki mkononi na kipande cha sanduku. Nimemwambia alibebe kwa chini, kwa mikono miwili, na mshikio wa zamani nimeufunga palepale kwa uzi wa pamba ili usipotee.

Mishono iliyofumuka turudie kwa mkono, uzi wa kitani wenye nta, kupitia matundu yaleyale. Cherehani hutoboa safu mpya, na ngozi kavu hukatika kwenye safu hiyo kama stempu.

Bawaba za nyota zinabaki. Zinafunga vizuri, na kuzing'oa kutachana mistari iliyo chini yake. Kijana ameuliza kama tusafishe hata kivuli kile cha kutu. Tusikiguse, kwa sababu bila hicho asingejua kulikuwa na bawaba nyingine.