Njugu kwenye lebo ya biskuti: ni karanga, korosho au njugu mawe?

*Swali: Shikamoo mwalimu. Nina stesheneri hapa Kirumba, Mwanza, tunachapa lebo. Kuna dada anafunga biskuti upya kwenye pakti ndogo kutoka boksi kubwa la Kiingereza, anataka lebo ya Kiswahili. Nimetafsiri hivi: "Unga wa ngano, sukari, mafuta ya kula, unga wa maziwa, ute wa soya, hamira, chumvi, dawa, kiongeza ladha. Tahadhari: ina ngano, maziwa, soya. Inaweza kuwa na vipande vya njugu." Picha ya boksi nimekutumia. Nirekebishe wapi kabla sijachapa?*

Marahaba. Usichape kwanza. Ngano, sukari na chumvi ziko sawa, hizo ziache, lakini huko chini kuna mambo, na zito kuliko yote ni hilo neno la mwisho kabisa.

Njugu. Ukienda stendi pale Nyegezi ukamwambia mama anipimie njugu atakupimia njugu mawe, zile za kuchemsha zenye ganda gumu, maana kwetu Kanda ya Ziwa njugu ni hizo. Karanga ni karanga, hakuna anayechanganya. Sasa vuka Sirari uingie Kenya, huko njugu ndiyo hiyohiyo karanga, na mzigo wa Kenya tunaula huku kila siku kwa hiyo wapo wanaoijua hivyo. Afu kuna wanaosema njugu wakimaanisha kila kitu cha kutafuna chenye ganda, korosho humohumo. Kwa mazungumzo ya kawaida haina shida, lakini kwenye onyo la aleji neno moja lenye maana tatu ni sawa na kutokuandika.

Boksi lenyewe limetaja vitu viwili, angalia vizuri picha, kuna neno la karanga na kuna neno jingine la jumla la kokwa za mitini, yaani korosho, lozi na wenzake. Karanga inazaa ardhini, ni jamii ya kunde, iko karibu na maharage na njugu mawe kuliko korosho. Mwenye aleji ya karanga anaweza kula korosho asipate kitu, mwingine kinyume chake, na wapo wanaodhurika na vyote. Ndiyo maana Kodeksi, ile kanuni ya chakula ya FAO na WHO, inazitenga, karanga kivyake na kokwa za mitini kivyake. Wewe umevikunja viwili ukatoa kimoja, tena kimoja ambacho mama wa Igoma mwenye mtoto wa aleji ya karanga atakisoma kama njugu mawe, aseme mwanangu njugu mawe hali, ampe biskuti. Mtoto anaanza kuvimba midomo na kubanwa pumzi, na lebo ilikuwa na onyo.

Kwa hiyo karanga iandike karanga, kwisha. Hilo la pili ndo lina kazi, kwa sababu Kiswahili cha sokoni hakina neno moja linalokusanya korosho na lozi bila kubeba karanga. Usitunge. Mwambie huyo dada amtumie ujumbe mwenye kiwanda amuulize ni kokwa zipi, akijibu korosho tu andika korosho, akijibu lozi na korosho andika zote mbili kwa majina. Kama hajajibu, weka "kokwa za mitini kama korosho na lozi", ni refu kidogo lakini msomaji anaelewa maneno hayo hayabebi karanga wala njugu mawe. "Jozi" ipo kwenye kamusi kwa kokwa moja ya Ulaya ila ukiiandika kwenye pakti watu watadhani unahesabu viatu.

Halafu hapo "vipande vya". Boksi limesema chembe, kiasi ambacho jicho halioni, kinachobaki kwenye mashine au kuruka na vumbi la kiwandani. Ukisema vipande, mtu atavunja biskuti aangalie, haoni kipande, anakula. Andika "chembechembe". Usiandike "mabaki" pia, mabaki ni makombo ya mezani. Na kuna wajuaji watakushauri uandike "imetengenezwa kwenye mashine inayotumika pia kwa karanga", ni Kiswahili kizuri na kinaeleweka kuliko hicho chako, lakini boksi halijasema mashine, limesema tu inaweza kuwemo. Hatujui kama ni mashine, ghala au gari, mtafsiri hawezi kumsemea mwenye kiwanda. Baki na "inaweza kuwa na chembechembe za". Ila sentensi hiyo isishikane na ile ya "ina". Ina maana yake imewekwa makusudi, imo. Inaweza kuwa na maana yake haikuwekwa ila huenda imeingia. Weka mistari miwili tofauti, nukta katikati, usiunganishe na koma hata kama nafasi ya pakti ni ndogo.

Tuje kwenye hilo "dawa". Boksi linasema metabisalfaiti ya sodiamu na namba 223 pembeni. Kwenye biskuti inawekwa kulainisha kinyunga ili kisivutike kama mpira, gluteni ya ngano inalegezwa, biskuti inakatika vizuri na hairudi nyuma kusinyaa. Wewe ukiandika dawa, mtu wa Mwanza anawaza dawa ya kuua wadudu, na mbaya zaidi umepoteza salfaiti. Angalia onyo la boksi, wametaja ngano, maziwa, soya na salfaiti, wewe umetaja tatu. Naona ilikuponyoka kwa sababu huko juu ilishageuka dawa, basi huku chini hukuiona inafanana na nini. Salfaiti inawabana kifua baadhi ya wenye pumu, na Kodeksi inataka itajwe ikifikia miligramu 10 kwa kilo ya chakula. Andika "kilainisha unga: metabisalfaiti ya sodiamu (223)", na kwenye onyo neno liwe lilelile, salfaiti, ili anayesoma onyo aweze kupanda juu akaikuta.

Hiyo ndo kanuni ya viongezwa vyote, unaandika kazi yake kwa Kiswahili cha kawaida, halafu jina au namba kama ilivyo. Namba usiitafsiri, usiiongezee herufi E kama boksi halina, na usiifute kwa kuona haina maana kwa mteja, maana daktari wa Bugando akiletewa pakti atasoma namba.

Lakini namba nayo haisemi kila kitu na hapa ndo watu wanakwama. Huo uliouita "ute wa soya" ni lesithini, mafuta mazito yanayotolewa kwenye mafuta ya soya yanaposafishwa, kazi yake ni kushikanisha mafuta na maji visiachane. Ute ni wa bamia na yai, hauhusiki. Namba yake 322. Sasa lesithini inaweza kutoka kwenye soya, alizeti au yai na zote ni 322, kwa hiyo ukiandika 322 peke yake mwenye aleji ya soya haambiwi kitu. Neno "ya soya" ndilo linalobeba onyo, hilo ulilibakiza, vizuri, badilisha ute tu.

Hamira: hapana. Hamira ni kiumbe hai, ni ile ya maandazi na mkate. Kwenye boksi ni 500(ii) na 503(ii), yaani bikaboneti ya sodiamu ambayo dukani tunaita bekingi soda, na bikaboneti ya amonia. Zinatoa gesi zikipata joto, hakuna kilicho hai. Kuna mtu kaambiwa na daktari aepuke hamira, utamnyima biskuti bure, na kuna aliyeambiwa apunguze sodiamu, huyo utamficha. Usiandike magadi pia, magadi ya kulainishia makande ni mchanganyiko mwingine. "Viumua unga" inatosha, namba zifuate.

Hilo la "kiongeza ladha" linaonekana dogo ila linabadilisha kitu kizima. Boksi linasema kitu kinacholeta ladha ya vanila. Kiongeza ladha watu wanakielewa kama kile kinachokoleza ladha iliyopo tayari, 621 ya kwenye viungo vya supu, na kuna watu wanakikwepa kabisa. Andika "kitia ladha ya vanila".

Mafuta ya kula, si yote ni ya kula? Boksi limesema mawese, andika mawese. Unga wa maziwa nao si huo, ni unga wa yale maji ya kijanikijani yanayobaki maziwa yakiganda, mtu wa aleji ya maziwa anadhurika na vyote, lakini mnunuzi anayelipia maziwa kamili unamdanganya. "Unga wa maji ya maziwa" inaeleweka, na neno maziwa linabaki ndani.

Mpangilio usiguse, kitu chenye uzito mkubwa wakati wa kutengeneza ndicho kinaanza, kwa hiyo usihamishe sukari mwisho kwa sababu dizaina anaona mstari unakaa vizuri. Na huyo dada kwa vile anafunga upya, aende na rasimu ofisi ya TBS, chakula kiko kwao tangu 2019 kilipotoka TFDA.

Lebo inasomeka hivi:

"Viambato: unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese, unga wa maji ya maziwa, kishikanisha mafuta na maji: lesithini ya soya (322), viumua unga (500(ii), 503(ii)), chumvi, kilainisha unga: metabisalfaiti ya sodiamu (223), kitia ladha ya vanila.

Kwa wenye mzio/aleji: Ina ngano, maziwa, soya na salfaiti.
Inaweza kuwa na chembechembe za karanga na za kokwa za mitini kama korosho na lozi."

Nimeweka mzio na aleji pamoja makusudi, mzio ndo sanifu ila wanaoumwa wengi wanasema aleji, na nafasi ipo. Mstari wa mwisho usubiri jibu la kiwanda kama unaweza, huo wa juu wote anza kupanga hata leo.