Wadogo zangu mnaochora umeme wa nyumba: kila alama iseme inalishwa na breka ipi

Kijana mwingine kaniletea ramani ya umeme ya nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja kiko Buswelu, hapa Mwanza. Kaichora vizuri: mistari imenyooka, alama zinalingana ukubwa, kona ya chini kaweka ufunguo wa alama wenye fremu. Nikamwuliza taa ya nje ya mlango wa jikoni inalishwa na breka gani. Akaiangalia ramani, akaniangalia mimi, akasema, "Hiyo fundi ataamua akifika site, kaka."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na fundi akifika site anaamua kweli. Anaamua kwa waya aliyobaki nayo mkononi siku hiyo. Ndiyo maana naandika, na nitaitumia nyumba hiyo hiyo ya Buswelu kuwaonyesha ninachotaka.

1. Anza na milango, alama baadaye. Wengi mnapokea ramani ya msanifu, mnafuta samani na tao za milango ili karatasi iwe safi, halafu mnapanda swichi. Usifute ile tao. Ndiyo inayokuambia mlango unafungukia wapi, na swichi inakaa upande wa kitasa, si upande wa bawaba. Chumba cha pili cha Buswelu swichi ilikuwa nyuma ya mlango: unaingia gizani, unafunga mlango, ndipo unapapasa ukuta. Samani nazo zibaki kwa mstari mwembamba, maana soketi ya kitanda unaiweka kwa kuona kitanda kilipo.

Kimo pia kiandikwe. Mimi naweka swichi milimita 1200 na soketi za kawaida 450, zikipimwa kutoka sakafu iliyomalizika. Neno "iliyomalizika" msiliache, hasa huku kwetu kwenye miinuko. Nyumba ya Buswelu sebule imeshuka ngazi mbili chini ya korido kwa sababu ya mteremko. Fundi akipima kutoka kwenye zege la korido na wewe ulikuwa unafikiria vigae vya sebuleni, swichi za ukuta mmoja zitapishana na kila mgeni ataliona hilo.

2. Swichi ioneshwe na taa yake. Taa ni duara lenye msalaba ndani, swichi ni kiduara chenye mkia, hayo mnayajua. Kinachosahaulika ni ule mstari wa kukatakata unaopinda kutoka kwenye swichi hadi kwenye taa. Bila mstari huo, swichi ya vitufe vitatu sebuleni inabaki fumbo. Andika herufi ndogo a, b, c kwenye swichi na uzirudie kwenye taa zake.

Sasa korido. Hapa naomba mtulie, maana kosa hili limeshamlaza mtu macho. Kuna nyumba Nyegezi niliitwa baada ya rangi kukauka. Mama mwenye nyumba alinionyesha kwa vitendo: akawasha taa ya korido kutoka sebuleni, akatembea hadi mlango wa chumba chake, akabonyeza swichi ya pale. Taa ikabaki inawaka. Akabonyeza tena, inawaka. Ilimbidi arudi sebuleni kuizima, kisha atembee gizani mpaka kitandani. Alikuwa anafanya hivyo kila usiku tangu ahamie, na magoti yanamsumbua.

Nikaomba ramani. Mchoraji alikuwa ameweka swichi mbili, moja kila ncha ya korido, na hilo lilikuwa sahihi. Lakini zote mbili alizichora kwa alama ya swichi ya njia moja, mkia mmoja tu. Fundi alisoma kilichoandikwa. Alivuta waya mbili kwenye kila bomba linaloshuka kwenye swichi, akaunga swichi zote mbili kwenye taa ile ile, yoyote ikiwashwa taa inawaka. Kuizima lazima zote mbili ziwe zimezimwa. Swichi ya njia mbili ina mikia miwili kwenye alama, ikielekea pande tofauti, na kila upande unahitaji waya tatu: upande mmoja unaleta laivu, upande wa pili unapeleka kwenye taa, na zile mbili zilizobaki zinapokezana kati ya swichi na swichi.

Kubadilisha swichi zenyewe ni kazi ndogo. Taabu ilikuwa waya ya tatu. Bomba la upande wa sebule lilikubali, tukapitisha. La upande wa chumbani saruji ilikuwa imeingia kwenye kona, springi ya kuvutia waya haikupita kwa namna yoyote. Tukakata ukuta wenye rangi mpya kutoka kwenye dari hadi kwenye swichi, vumbi likaingia mpaka kwenye magodoro. Mama yule hakugomba, alikaa tu kwenye kochi akiangalia grinda. Kisa kizima ni mkia mmoja uliokosekana kwenye karatasi. Ukimaliza kuchora, tembea ndani ya nyumba kwa kidole: ingia mlango wa mbele usiku, washa, nenda mpaka kitandani, zima. Mahali kidole kinaporudi nyuma, hapo pana kosa.

3. Gawa saketi kabla ya kuhesabu soketi. Kijana wangu wa Buswelu alikuwa na taa 16 na soketi za nyumba nzima, jikoni ikiwemo, na kichwani mwake zilikuwa saketi mbili: taa zote moja, soketi zote moja.

Tuanze na taa. Balbu 16 za LED za wati 12 ni wati 192, na ukigawa kwa volti 230 hupati hata ampea moja. Kwa mzigo, saketi moja ya waya wa milimita mraba 1.5 inatosha kabisa. Tunazigawa kwa sababu nyingine. Taa za nje zinapigwa na mvua, na maji yakiingia kwenye holda ya veranda breka inakata. Kama zote ziko pamoja, mvua moja ya usiku inaizima nyumba nzima na mtu hawezi hata kuona aende wapi kuiangalia breka. Kwa hiyo L1 ni taa za ndani, L2 ni za nje, na kila taa kwenye ramani inaandikwa namba yake pembeni. Swali langu la taa ya mlango wa jikoni lilikuwa na jibu la herufi moja na tarakimu moja.

Soketi ndipo penye hatari. Chukua asubuhi ya kawaida ya nyumba ile: birika la wati 2000, jiko dogo la sahani la wati 2000, pasi ya wati 1200, na pampu ya wati 750 inayopandisha maji kwenye tanki, maana kwenye miinuko maji hayafiki juu yenyewe. Jumla wati 5950, karibu ampea 26. Saketi moja ya waya wa 2.5 na breka ya ampea 20 haitakata hapo hapo. Itavumilia, itapata moto, halafu itakata wakati mtu ana haraka. Likijirudia anaitwa fundi wa jirani, naye anaweka breka ya 32. Umeme haukati tena, kila mtu anafurahi. Lakini waya ule ndani ya bomba la ukutani unabeba kama ampea 24, na bomba likijaa waya nyingine unabeba chini ya hapo. Sasa breka haimlindi tena mtu. Ukitaka kujua nyumba ambayo jambo hilo limeshatokea, fungua kifuniko cha soketi ya birika: plastiki ina rangi ya kahawia upande mmoja na ganda la waya limekakamaa.

Kwa hiyo tulichora upya. S1 soketi za sebule na vyumba, S2 za jikoni peke yake, kila moja breka ya 20 na waya wa 2.5. Birika na sahani pamoja ni ampea 17 na ushee, S2 inazibeba. Pampu ikapata P1 yake. Kisha nikamtuma amuulize mwenye nyumba kuhusu bafu, na jibu lilikuwa anataka shawa ya umeme ya wati 5400. Hiyo ni ampea 23 na nusu peke yake, ikaandikwa M1, breka ya 32, waya wa 6. Jiko la umeme la baadaye likaachiwa J1, na bomba lake likapita sasa hivi kabla ya plasta. Hizo ni njia saba, na DB, yaani boksi la breka, ya njia nane ingeacha nafasi moja tu, kwa hiyo chukua kubwa zaidi.

4. Ufunguo uwe na kimo na idadi, na usiwe na alama ambayo haipo kwenye ramani. Mnaonakili alama kutoka mafaili mawili tofauti, soketi moja inatokea kwa sura mbili na fundi anadhani ni vitu viwili. Zihesabu alama kwenye ramani, idadi ilingane na ufunguo, ndiyo orodha ya kununulia.

5. Chora ethi. Kwenye ramani nyingi haipo kabisa, na huku Mwanza kuikosa ni jambo zito kwa sababu ya mawe. Fito ya chuma inayopigwa ardhini inagonga mwamba kabla haijafika nusu, fundi anaikata kwa msumeno na kuifukia. Ukipima ukinzani wa ethi hiyo unakuta omu 100 au zaidi. Piga hesabu: volti 230 kwa omu 100 ni ampea 2.3. Bodi ya friji ikiguswa na laivu, breka ya 20 haitashtuka hata kidogo, na friji itabaki na umeme ikimsubiri mtoto mwenye miguu mitupu. Kinachokata hapo ni RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme ukivuja, kwa hiyo ionekane kwenye mchoro wa DB, mbele ya saketi za soketi na shawa.

Nafasi ya fito nayo itafutwe kwa miguu kabla ya kuchorwa. Buswelu mbele ya nyumba ni jiwe tupu, lakini nyuma karibu na shimo la maji ya bafu kuna udongo mweusi wenye unyevu. Tuliichora pale, tukaandika urefu wa waya wa ethi mpaka DB, na pembeni tukaacha alama ya fito ya pili, mbali na ya kwanza kwa urefu wa fito nzima, kama kipimo kitakuwa kikubwa. Fundi ameanza kupiga mabomba Jumatatu, na ramani ameibandika ukutani karibu na mlango wa jikoni.