Bajeti ya atelye: vijiti kwanza

"Kituo chetu cha kuchomelea hapa Bukavu kina wanafunzi 20, kila mmoja dola 15 kwa mwezi. Mbona hatufiki mwisho wa mwezi?"

Ndugu, panga kwa pesa inayoingia kweli. Wakilipa wanafunzi 14 tu, una dola 210, si 300. Walimu wawili wa dola 60 kila mmoja wakishalipwa, zinabaki 90. Lakini wote 20 wanachomea! Vijiti vya kuchomelea 5 kwa kila mmoja kwa siku, siku 20, ni vijiti 2000. Hapo ndipo pesa inapoishia. Tenganisha ada ya vifaa na karo, ilipwe kabla ya mazoezi. Toa kijiti kipya kwa kurudishiwa kipande kilichobaki cha zamani. Kikizidi sentimita 5, kimetupwa mapema. Na tafadhali, dola 1 ya kila karo iwe ya matengenezo: koleo la kushikia kijiti likipata moto kupita kiasi, kaza au badilisha kiungo cha kebo haraka.