Siku ya 40 ya Kwaresima ni ipi hasa?

"Nimehesabu toka Jumatano ya Majivu nikapata siku 46, sasa ya mwisho ni ipi?"

Ni Jumamosi Kuu mkuu, hizo sita zilizozidi ni Jumapili, hazihesabiwi kwenye mfungo. Chukua 2025, Majivu ilikuwa Machi 5, Pasaka Aprili 20, kwahiyo Machi 5 mpaka Aprili 19 ni siku 46, toa Jumapili kuanzia Machi 9 mpaka ya Matawi Aprili 13, zinabaki 40 kamili. Wengi hukosea kwa kuitoa na ya Pasaka yenyewe, wakati ile iko nje ya hesabu kabisa. Ila kiliturujia Wakatoliki wanaimaliza Kwaresima Alhamisi Kuu jioni, kabla ya misa ya Karamu ya Bwana, mi mwenyewe hapo nilichanganyikiwa miaka.