Mteja akisema kazi ni kubwa hivyo bei ishuke

Mfasiri mwenzangu kaniandikia: "Dada, mteja ananiambia kitabu ni kirefu, kwa hiyo nimpunguzie. Nimjibu nini?" Kanikuta nimetoka kushinda mvutano huohuo, na sifichi kwamba najivunia.

Mteja wangu anauza majenereta. Alitaka mwongozo wa maneno 90,000 kwa wiki tatu, kwa shilingi 60 kwa neno badala ya 100 ninazotoza. Kabla ya kujibu niliomba faili lenyewe, si pidiefu, nikalipitisha kwenye programu ya kumbukumbu ya tafsiri. Maneno 18,000 yalikuwa marudio: onyo lilelile la umeme, hatua zilezile za kuzima injini, sura baada ya sura. Punguzo la haki liko hapo tu. Urefu haupunguzi kazi hata chembe, na wanaotoa bei ya jumla kama wauza vitunguu wanatuharibia soko. Nikaandika:

"Ndugu Meneja,

Maneno mapya ni 72,000, nitayatoza shilingi 100. Yale 18,000 yanayojirudia nitayatoza 30, kwa kuwa bado nitayasoma moja moja yaoane na yaliyo jirani. Jumla ni shilingi 7,740,000.

Kwa kazi ya kiufundi natafsiri maneno 2,000 kwa siku, yaani siku 36. Kabla yake nahitaji siku tano za kuandaa orodha ya istilahi, na baada yake siku nne za kuhakiki. Hizo ni wiki tisa za kazi. Kama mna mashine zinazotoka karibuni, nitatanguliza sura za usalama na uendeshaji, mzipate mwisho wa wiki ya tatu. Tukiwa wafasiri wawili tutamaliza kwa wiki sita, ila mtamlipa pia mhariri wa kuoanisha istilahi.

Naomba fundi wenu mkuu asaini orodha hiyo kabla sijaanza."

Akachagua kupokea kwa mafungu, na bei hakuigusa tena. Alichokuwa akihitaji kwa haraka, kumbe, ni zile sura mbili.

Sahihi ya fundi usiiache. Kuna mteja, simtaji, aliyenizuilia malipo ya mwisho akidai mafundi wake hawayaelewi maneno yangu, ilhali orodha nilimpelekea mapema na hakuifungua. Bado inaniuma. Sasa maneno kama gasketi, nozeli na beringi yanapitishwa kwa maandishi kwanza, na malipo yanakuja kwa mafungu matatu: ya kuanzia, ya sura za mwanzo, ya kumalizia. Usione haya kudai la kwanza.

Na andika namba ya toleo la mwongozo kwenye barua. Watengenezaji hurekebisha maandishi yao katikati ya kazi, mteja akakutumia faili jipya kana kwamba ni lilelile. Mimi huweka sentensi moja: maneno yaliyobadilika baada ya toleo hili yatahesabiwa upya, na tarehe itasogea kulingana nayo.